Meneja wangu wa Leeds hatoi amri, anauliza tu

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Leeds inanunua maparachichi kutoka Njombe. Kwa mkataba mimi ni mfuatiliaji wa makontena, ila kwa kuwa ni mtoto wa Makambako, nusu ya siku yangu huishia kwenye kutafsiri ujumbe wa watu wawili. Mmoja ni meneja wangu, dada wa Kiingereza wa miaka thelathini na kitu. Mwingine ni msimamizi wa kituo cha kufungasha matunda kule Njombe, mzee ambaye mwanawe wa kwanza ana umri wa meneja. Wote wawili wana adabu zao, tena nyingi, na bado wangeweza kugombana wiki nzima bila yeyote kukosea neno.

Chukua huu ujumbe wa meneja, nauandika kama ulivyoingia kwenye simu yangu: "Just a quick one, any chance you could send over the temperature log? Would be great to have it by Thursday." Ukiutafsiri neno kwa neno unapata: kuna uwezekano wa kutuma rekodi za joto? Ingekuwa vizuri zikipatikana kufikia Alhamisi. Aliyenitangulia kwenye kiti hiki aliwahi kutuma kitu cha aina hiyo, na jibu kutoka Njombe likarudi kwa heshima zote: "Uwezekano upo." Mzee aliulizwa swali, akalijibu. Alhamisi ikapita.

Kumbe kwa Waingereza wa ofisini ile ni amri yenye siku ya mwisho. Mkubwa huku akimwambia mdogo wake wa kazi "tuma" anaonekana hana malezi, kwa hiyo anaivika amri nguo ya swali, na kila anayefanya kazi naye anajua kuivua. Ukipunguza mkazo zaidi wakati wa kutafsiri, amri inatoweka kabisa. Ukiigeuza kuwa "Tuma rekodi za joto kabla ya Alhamisi", mzee anajiuliza kafanya kosa gani hata aandikiwe hivyo na binti.

Kwetu amri hukaa ndani ya "naomba". Hakuna mtu wa Njombe anayepokea "naomba unitumie" kutoka kwa bosi akadhani ana hiari. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote namwuliza meneja mambo mawili: Alhamisi saa ngapi, na rekodi ni za nini. La pili ni muhimu kwa sababu ombi la Kiswahili lisilo na sababu linasikika kavu, na mimi sina ruhusa ya kubuni sababu. Akinijibu kwamba mnunuzi ndiye anayezidai, naandika hivi:

"Habari za kazi, Mzee. Tunashukuru, mzigo uliopita umefika salama. Naomba ututumie rekodi za joto la kontena hilo, tuzipate siku ya Alhamisi kabla ya saa kumi jioni kwa saa za huko, kwani mnunuzi anazihitaji. Asante sana kwa ushirikiano."

Ujumbe umekuwa mrefu, na meneja aliwahi kuuliza kwa nini mstari wake mmoja na nusu unageuka aya. Nikamwambia salamu na shukrani ndizo zinazofanya kazi ya lile "any chance" lake. Kuhusu saa, siachii "kufikia Alhamisi" peke yake. Huku kiangazi tuko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili, majira ya baridi saa tatu, na bado kuna saa ya Kiswahili: ukiandika "saa 4" bila kusema asubuhi au usiku, umeomba matatizo.

Utaona sikuweka shikamoo. Nikimpigia mimi mwenyewe, shikamoo inatangulia, siwezi kuiruka. Lakini ujumbe unaokwenda kwa jina la meneja ni sauti ya meneja, na yeye ndiye mkubwa kazini hata kama ni mdogo kiumri. "Habari za kazi" na "Mzee" vinatosha kuonyesha kwamba umri umeonekana. Jina la kwanza kavukavu, kama anavyolitumia yeye kwa Kiingereza, nalitoa. Barua rasmi nayo ina njia yake: Ndugu, halafu Yah, halafu "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Ukiipeleka hiyo kwenye WhatsApp watu watadhani kuna aliyefukuzwa.

Kurudi huku kuna mtego wake. Siku moja mzee aliandika: "Poleni na majukumu. Sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa changamoto kidogo, umeme ulitusumbua juzi usiku na baadhi ya matunda yameathirika. Tunalifanyia kazi. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Mtu wa Njombe akisoma hapo ameshashika kichwa. Mtu wa Leeds akipewa tafsiri ya maneno hayo hayo anaona kila kitu kinaendelea vizuri, anafunga kompyuta na kwenda nyumbani. Nilipiga simu. Chumba cha baridi kilikuwa kimezimika usiku kucha na paleti nne hazifai kusafirishwa.

Kiingereza nilichompelekea meneja kilianza na paleti nne, kikafuata chanzo, kisha hatua iliyochukuliwa, na radhi ikaja mwisho, mara moja tu. Nilimwonyesha mzee kwanza, maana idadi ile alinipa kwa mdomo na barua ni yake. Ile "poleni na majukumu" ikawa salamu ya kawaida ya kuwatakia hali njema. Ukiitafsiri kama kumsikitikia mtu kwa sababu ana kazi, Mzungu anaanza kujiuliza umesikia nini kuhusu ajira yake.

Hayo yote yanarekebishika kwa simu moja. Pasiporekebishika ni kwenye nidhamu. Ofisi ya rasilimali watu hapa iliniletea barua ya kwenda kwa mfanyakazi mmoja wa Njombe, ina maneno "we would like to invite you to a meeting". Mwaliko huo ni wito wa kikao cha nidhamu. Ukiandika "tungependa kukualika kwenye mkutano", yule kijana anakwenda amevaa vizuri akitegemea soda. Hata "naomba", ambayo kwingine inaokoa, hapa inaharibu, kwa sababu inaficha uzito wa jambo. Tanzania lugha yake ipo na kila mtumishi anaitambua: "Unatakiwa kuhudhuria kikao cha nidhamu", na kama ni maelezo yanayotakiwa, "unatakiwa kujieleza kwa maandishi ni kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu". Ni kali, na inapaswa kuwa kali. "Ndugu" inabaki juu, na matusi hayamo.

Walipolalamika kwamba Kiswahili changu kinatisha kuliko barua yao, niliwaonyesha kanuni za utendaji bora kazini za Tanzania, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Kanuni ya 13 inataka mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoweza kuielewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na aruhusiwe kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mtu aliyedhani amealikwa soda hatakuja na mwenzake wala hatajiandaa. Wakakubali, na wakaongeza kwenye barua yao ya Kiingereza sentensi ya haki ya kuja na mtu, ambayo hapo mwanzo haikuwamo.