Nilivyopanga Kp na Ki za mota kwa kusoma grafu, na kwa nini Kd ilibaki sifuri

Kp, Ki na Kd ni vizidishi vya udhibiti wa PID: Kp huzidisha kosa la sasa, yaani tofauti kati ya kasi lengwa na kasi halisi, Ki huzidisha jumlisho la makosa hayo, na Kd huzidisha kasi ya kubadilika kwake. Mota niliyotumia ni ya DC ya volti 12 yenye giaboksi. Enkoda yake inatoa hesabu 1,320 kwa kila mzunguko wa shafti ya nje, na kila milisekunde 10 maikrokontrola inasoma kasi na kusahihisha PWM, yaani kiwango cha umeme unaopelekwa kwenye mota. Hicho ndicho kitanzi cha udhibiti. Kwa muda huo mfupi, hesabu moja ya enkoda ni sawa na mizunguko 4.5 kwa dakika. Kwa hiyo hata mota ikizunguka sawasawa kabisa, kasi inayosomwa itarukaruka kwa 4.5. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo iliyoamua hatima ya Kd.

Sikuanza na kubahatisha vizidishi. Nilizima udhibiti, nikaipa mota PWM 100 (kati ya 255), nikasubiri itulie, kisha nikaipandisha ghafla hadi 150 huku nikirekodi. Usianzie sifuri, kwa sababu msuguano huizuia mota kuanza hadi PWM ifike kiwango fulani, na mwanzo wa grafu utakudanganya. Kosa jingine liko kwenye kutuma data: mstari wa herufi 13 kwa biti 9600 kwa sekunde huchukua milisekunde 13.5, yaani zaidi ya muda wa kitanzi chenyewe. Tumia 115200.

Kasi ilitoka mizunguko 110 kwa dakika ikatulia 190. Hapo nilisoma vitu vitatu. Kwanza, ongezeko la 80 kwa PWM 50 linatoa K = 1.6. Pili, asilimia 63 ya 80 ni 50, na mota ilifika 160 milisekunde 120 tangu ilipoanza kupanda. Huo ndio muda wake, T. Tatu, kati ya kubadilisha PWM na kasi kuanza kusogea zilipita milisekunde 20, ambazo naziita L. Kisha nikachagua muda ninaoutaka kitanzi kikifungwa, yaani udhibiti ukiwashwa: milisekunde 60, nusu ya ule wa mota.

```
Kp = T / (K * (60 + L)) = 120 / (1.6 * 80) = 0.94
Ki = Kp / T = 0.94 / 0.12 s = 7.8
```

Kabla ya kuwasha Ki nilijaribu Kp peke yake, juu ya PWM 100 ya msingi. Lengo lilikuwa 190, mota ikaishia karibu na 158. Hiyo si hitilafu: Kp mara K ni 1.5, na kosa linalobaki ni 1/(1 + 1.5), asilimia 40 ya mruko. Kuongeza Kp hupunguza kosa lakini hakulimalizi. Nilipowasha Ki, kasi ilipanda hadi 190 bila kupitiliza na ikatulia baada ya kama robo sekunde.

Ukitaka kurekebisha kwa mkono, angalia umbo la grafu. Kasi ikipanda haraka halafu ikajivuta polepole kumalizia sehemu ya mwisho, Ki ni ndogo. Ikipitiliza lengo na kurudi kwa wimbi pana linalochukua muda mrefu kuliko T, Ki ni kubwa. Mawimbi yakiwa ya haraka, yenye urefu wa mara chache tu ya L, mkosaji ni Kp. Wengi hupunguza Kp kila waonapo wimbi. Likiwa pana, hilo huzidisha tatizo, kwani Ki inazidi kutawala.

Kuhusu Kd: nikiweka 0.02 tu, hesabu moja ya enkoda inaruka na PWM inaruka 9, kwa sababu 4.5 inagawanywa kwa sekunde 0.01 kabla ya kuzidishwa. Mota inalia na kupata joto bila faida. Unaweza kuchuja kasi, lakini kichujio huongeza L, na L ndiyo inayotubana. Nikaiacha sifuri.

Tatizo halisi lilijitokeza nilipoanzia sifuri kwenda 250. Kp pekee inadai PWM 234, na ndani ya vipindi viwili vya kitanzi jumla inagonga 255. Mota haiwezi kwenda zaidi, lakini jumlisho la Ki linaendelea kujaa, kisha kasi inapitiliza na kuchelewa kurudi. Dawa ni kusimamisha jumlisho wakati PWM imefika ukingoni na kosa bado linasukuma upande uleule:

```
u = Kp*e + I;
if ((u < 255 || e < 0) && (u > 0 || e > 0))
  I += Ki*e*0.01;
u = constrain(Kp*e + I, 0, 255);
```

Vipimo vyote nilivichukua betri ikiwa na volti 12.6. Ikishuka hadi 11, K hushuka kwa takriban asilimia 13 na mwitikio unakuwa mzito kidogo. Kwa hiyo pima betri ikiwa imejaa: vizidishi vilivyopangwa kwenye betri dhaifu ndivyo vinavyoanza kutikisika ukishachaji.