Maswali 47 ya tenda, na badiliko ambalo hakuna aliyeliuliza

Ofisi yetu iko Kariakoo, tunauza na kufunga jenereta. Mwaka huo tuliingia kwenye tenda ya jenereta nne za kVA 250 kwa mnunuzi anayetumia nyaraka za mfano wa Benki ya Dunia, na kila kitu kilipita kwa barua pepe. Zikiwa zimebaki siku tisa kufika kikomo, yaani 14 Machi, ikaja barua yenye viambatisho viwili: Nyongeza ya Waraka Na. 1, kurasa mbili, na orodha ya maswali ya wazabuni pamoja na majibu, kurasa kumi na nne. Bosi akaniambia, "Kijana, nataka karatasi moja tu. Nini kimebadilika?"

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Nikanakili jedwali lote kutoka kwenye PDF nikalimwaga kwenye Ekseli, nikapata mistari 49 wakati maswali yalikuwa 47. Ile miwili ya ziada haikuwa na namba ya swali. Jibu lilipoanzia chini ya ukurasa na kumalizikia ukurasa unaofuata, nusu ya pili iligeuka mstari unaojitegemea. Mmoja wao ulianza na maneno "isipokuwa kwa tenki la mafuta". Hebu fikiria ungesoma nusu ya kwanza peke yake, ile inayosema masharti yote ya vipimo yamelegezwa, ukamwachia fundi aagize tenki dogo. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachofanya ni kuhesabu namba za maswali na kuzilinganisha na mistari. Mstari usio na namba narudi kuutafuta kwenye ukurasa wake kwa macho.

Baada ya hapo nikaongeza safu nne: kifungu cha waraka kinachoguswa, kanuni ya zamani neno kwa neno, kanuni mpya, na alama. Safu ya kanuni ya zamani ndiyo iliyonichosha kuliko zote, na ndiyo iliyonisaidia zaidi. Muulizaji mara nyingi hunukuu waraka kwa kumbukumbu zake, tena vibaya. Mmoja aliomba muda wa kuleta mzigo uongezwe "kutoka siku 60", akajibiwa kwamba muda ni siku 90. Ukisoma hapo tu utashangilia siku 30 za bure. Nilipofungua waraka nikakuta ulisema siku 90 tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kilichoongezwa.

Alama zangu zilikuwa nne: imebadilika, imefafanuliwa, imebaki, haijajibiwa. Sehemu kubwa iliangukia "imebaki", maana majibu mengi yalikuwa yale ya "mzabuni anashauriwa kurejea waraka", ambayo kwa lugha ya kawaida ni hapana yenye adabu. Mwisho wa siku nilikuwa na 9 zilizobadilika, 11 zilizofafanuliwa, 24 zilizobaki na 3 ambazo hazikujibiwa.

Hizo tatu zilikuwa na majibu, tena mafupi na safi. Swali la 27 liliuliza hivi: je, barua ya idhini ya mtengenezaji inaweza kuwa nakala iliyoskaniwa, au ni lazima iwe halisi? Jibu: "Ndiyo." Fundi wetu mkuu alisema hiyo ina maana nakala inaruhusiwa. Dada wa uhasibu akasema ina maana lazima iwe halisi. Mimi nikaandika "haijajibiwa", tukauliza upya kwa maswali mawili tofauti, kila moja na namba yake. Hayakujibiwa kamwe. Kwa hiyo tukafuata maana iliyo ngumu zaidi, tukaagiza barua halisi kutoka kwa mtengenezaji, maana aliyeleta halisi hawezi kuondolewa kwa kosa la kutoleta nakala.

Kisha nikachukua zile tisa nikazipeleka mbele ya Nyongeza Na. 1, moja baada ya nyingine. Katika nyaraka za aina hii, Maelekezo kwa Wazabuni yana kifungu cha 7 kinachohusu ufafanuzi na cha 8 kinachohusu marekebisho, na vinasomwa pamoja: ufafanuzi ukigusa mambo ya msingi ya waraka, mnunuzi anapaswa kuurekebisha waraka wenyewe kwa nyongeza. Jibu lililo kwenye orodha ya maswali, bila nyongeza, ni jibu lenye mguu mmoja. Nane zilikuwemo. Ya tisa, swali la 19, haikuwemo. Mtu aliomba mikataba ya kuthibitisha uzoefu ipunguzwe kutoka mitatu hadi miwili, wakaandika "ombi limekubaliwa", halafu nyongeza ikanyamaza kimya.

Hapo bosi hakulala. Sisi tulikuwa na mikataba miwili tu inayofaa. Wa tatu jenereta zake zilikuwa ndogo. Kamati ya tathmini ingefungua waraka, ikasoma "mitatu", sisi tukatoka. Nyongeza hiyohiyo ilikuwa imesogeza kikomo cha kuwasilisha hadi 28 Machi na kufungua tena dirisha la maswali kwa siku tano, basi tukaandika siku hiyohiyo. Hatukuuliza kama tunaruhusiwa. Tuliandika kwamba jibu la swali la 19 halionekani kwenye Nyongeza Na. 1, na tunaomba kifungu cha uzoefu kirekebishwe rasmi. Baada ya siku mbili ikatoka Nyongeza Na. 2, sentensi moja tu. Sikujua kama kuna mzabuni mwingine aliyeliona, kwa sababu orodha za maswali haziweki jina la aliyeuliza.

Nilikuwa nimeshachapa karatasi ya bosi nilipopita kwenye meza ya dada wa uhasibu. Akaniambia, "Kaka, dhamana ya zabuni nimeshaichukua benki, iko kwenye faili." Hiyo ndiyo barua ya benki inayomhakikishia mnunuzi kwamba hatutaikimbia zabuni yetu. Nikaifungua ili niione tu. Inaisha 9 Agosti.

Tarehe hiyo ilikuwa sahihi siku alipoiomba. Waraka ulisema zabuni iwe hai siku 120 kuanzia kikomo cha kuwasilisha, na dhamana izidi hapo kwa siku 28. Kutoka 14 Machi, siku 120 zinaishia 12 Julai, ukiongeza 28 unafika 9 Agosti. Lakini kikomo sasa kilikuwa 28 Machi. Siku 120 zinaangukia 26 Julai, na 28 juu yake ni 23 Agosti. Dhamana yetu ilikuwa pungufu kwa wiki mbili kamili, na dhamana fupi ni sababu tosha ya zabuni kukataliwa bila hata bei kusomwa kwenye tathmini.

Katika maswali 47 hakuna hata moja lililogusa dhamana. Nyongeza nayo haikuitaja, wala haikuhitaji, kwa sababu kanuni yenyewe haikubadilika hata herufi. Kilichohama ni tarehe ambayo kanuni inahesabia. Nikarudi kwenye karatasi nikaongeza mstari wa kumi, safu ya namba ya swali nikaiacha wazi, na kwenye chanzo nikaandika "inatokana na mstari wa 1", yaani ule wa kikomo kipya. Kisha nikapitia waraka kutafuta kila mahali palipotajwa "kikomo cha kuwasilisha". Nikakuta pawili zaidi, tarehe ya viwango vya kubadilishia fedha na hesabu ya miaka mitano ya uzoefu. Hiyo ya pili nilihesabu jasho likinitoka, lakini mikataba yetu yote miwili ilikuwa bado ndani.

Dada wa uhasibu alipanda mwendokasi asubuhi yake kwenda Posta. Barua mpya ilitoka baada ya siku tatu ikiwa na tarehe ya 23 Agosti, na ile ya zamani akaiacha palepale benki ifutwe, maana dhamana mbili zikiwa hai pamoja fedha zetu zingeshikiliwa mara mbili.