Nilivyopunguza hasara ya hisa zilizoshuka bila kuongeza hata senti

Nilikuwa na hisa 200 za kampuni moja ya Marekani nilizonunua kwa dola 50 kila moja. Fedha hiyo niliichuma nilipofanya kazi ya mkataba nje ya nchi, na ilibaki kwenye akaunti ya dalali wa huko hata baada ya kurudi Dar. Bei ikaporomoka hadi 40, hasara ya dola 2,000 kwenye mtaji wa 10,000. Biashara ya kampuni yenyewe ilikuwa nzima, kwa hiyo kuuza sikutaka. Wala sikuona dalili ya bei kurudi 50 upesi. Nilichoamini ni kwamba ndani ya miezi mitatu inaweza kupanda taratibu hadi 45 hivi. Mbinu hii yote inasimama juu ya imani hiyo, na asiyekuwa nayo heri auze tu.

Rafiki yangu anayefanya kazi na madalali pale Posta alinishauri, "Kaka, nunua nyingine 200 kwa 40. Wastani wako unashuka mpaka 45, umemaliza." Hesabu yake ni sahihi. Ila inataka dola 8,000 nyingine, na bei ikizidi kushuka unaumia kwa hisa 400 badala ya 200. Nyumbani nako mke wangu alishafunga mlango: "Baba Salma, hela ya ada ya watoto haiguswi." Nilikubaliana naye kabisa.

Kumbe ule wastani wa 45 unaweza kuupata kwa opsheni. Soko letu la DSE halina opsheni za hisa, lakini Marekani zipo kwa kampuni nyingi. Opsheni ya kununua, ambayo wengi tunaiita kol, inampa mwenye nayo haki ya kununua hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba, hadi siku ya ukomo. Anayeiuza anapokea malipo na anabeba wajibu wa kuzitoa hisa hizo akidaiwa. Mimi nilinunua kol 2 za bei ya 40, nikauza kol 4 za bei ya 45, zote za ukomo mmoja. Kwa kila hisa 100, nunua moja, uza mbili.

Kol ya 40 ilikuwa dola 4.20 kwa hisa, na ile ya 45 dola 2.15. Kuuza mbili kunaleta 4.30, kwa hiyo malipo ya mauzo yaligharamia manunuzi, na ikabaki senti 10 kwa hisa, yaani dola 20 kwa mzigo wote. Hapo ndipo "bila kuongeza hela" inapotoka.

Tazama sasa inavyofanya kazi siku ya ukomo, kwa hisa 100 tu. Bei ikiwa 45, hisa zina thamani ya 4,500, kol ya 40 ina thamani ya 500, na zile mbili za 45 hazina kitu. Jumla ni 5,000, mtaji umerudi ingawa bei haijafika 50. Bei ikiwa 43, una 4,300 na 300. Ikiruka hadi 60, hisa ni 6,000 na kol yako ni 2,000, lakini zile mbili ulizouza unadaiwa 3,000, unabaki na 5,000 ileile. Kwa hiyo juu ya 45 huongezi kitu. Ikianguka hadi 36, kol zote zinakufa na una 3,600, sawasawa na ambaye hakufanya lolote. Mbinu hii haizuii bei kushuka. Inachokupa ni kupanda kwa kasi mara mbili kati ya 40 na 45, na unalipia kwa kuiacha faida yote ya juu.

Watu wengi huogopa wakisikia umeuza kol mbili kwa hisa 100, na wana haki ya kuuliza. Moja inalindwa na hisa unazomiliki, ya pili inalindwa na kol uliyonunua. Hakuna iliyo wazi. Hata hivyo dalali wangu alidai kwanza kibali cha mikataba ya namna hiyo kwenye akaunti.

Kuchagua ukomo kulinichukua muda kuliko kitu kingine chochote. Kwa ukomo wa mwezi mmoja, kol ya 40 ilikuwa 2.40 na ya 45 senti 75 tu. Mbili zinaleta 1.50, ungetoa senti 90 mfukoni. Wa miezi mitatu ndio uliosawazisha. Na kama hisa ingekuwa imeshuka hadi 28, nusu ya njia ya kurudi 50, ambapo ndipo unauza zile kol mbili, ingekuwa 39, mbali mno. Kol za huko hulipa kidogo sana kufidia ile unayonunua. Kwa maoni yangu mbinu hii inafaa kwa hisa iliyoshuka kati ya asilimia 10 na 25 hivi, zaidi ya hapo usijisumbue.

Niliiweka yote kama oda moja ya pamoja yenye kikomo cha bei, ili nisije nikajikuta nimeuza upande mmoja na mwingine umenikimbia. New York walikuwa kwenye saa za kiangazi, soko linafunguka saa 10:30 jioni kwetu. Nilisubiri kama saa moja bei zitulie, kwa sababu mwanzoni pengo kati ya bei ya muuzaji na ya mnunuzi huwa pana.

Wiki tano kabla ya ukomo bei ilifika 46. Ungedhani mtaji umerudi. Hapana: kol ya 40 ilikuwa 6.65, na zile mbili za 45 zilikuwa 3.19 kila moja, jumla 6.38. Kuzifunga opsheni zote siku hiyo kungeniletea senti 27 tu kwa hisa! Kol ulizouza bado zina thamani ya muda ndani yake, na hiyo huyeyuka kwa kasi wiki za mwisho. Ukifunga mapema unaiachia. Nilisubiri.

Ijumaa ya ukomo, hisa ilikuwa 44.20. Hapo pana hatari ambayo haionekani kwenye mahesabu. Kol ikiisha ikiwa na thamani hata ya senti moja, hutekelezwa yenyewe, na kwangu ingekuwa kununua hisa 200 kwa dola 8,000 ambazo sikuwa nazo. Lazima uiuze kabla soko halijafungwa saa 5 usiku. Tena anza na zile ulizouza: ukiuza kol ya 40 kwanza, nusu ya zile za 45 zinabaki bila ulinzi. Nilizinunua zote 4 kwa senti 5, dola 20, kisha nikauza zangu 2 kwa 4.15, dola 830.

Ukiacha ada ya dalali, ambayo ilikuwa dola chache tu, hasara ilishuka kutoka 2,000 hadi 330. Bila opsheni, kwa bei hiyohiyo ya 44.20, ingekuwa 1,160. Hisa 200 bado ninazo, na ukitoa zile 830, kila moja sasa imenigharimu dola 45.85.