Nilivyowaonjesha juisi wanunuzi wanane wa Busia

Mwenye kiwanda kidogo cha juisi, upande wa Uganda wa mji wa Busia, aliponiita nimsaidie kupima ladha nne mpya, tayari alikuwa amepewa ushauri ambao hadi leo unanikera: akusanye watu, awamiminie, aulize nani amependa ipi, kisha ahesabu mikono. Ushauri huo alikuwa ameshaufuata mara moja. Vijana wake wa mauzo, wakiwa wamevaa fulana zenye jina la kiwanda, walisimama mlangoni mwa duka wakati wa jua kali wakigawa juisi baridi ya bure, na kila aliyekunywa alifuta midomo na kusema ni nzuri mno. Ni nani mwenye malezi atakayemwambia kijana aliyemkaribisha kinywaji cha bure, tena mbele ya watu, kwamba kinywaji chake hakifai? Kiwanda kilipika mzigo mkubwa kwa kuziamini sifa hizo, na baada ya wiki kadhaa katoni zilianza kurudi kutoka madukani zikiwa na vumbi.

Kwa hiyo nilimwomba mzee huyo mambo mawili. Kwanza, yeye mwenyewe asiwepo chumbani. Pili, asitarajie asilimia kutoka kwangu, kwa sababu watu wanane si kura. Wanane hueleza sababu ya kupenda na kukataa, lakini hawawezi kukuambia mji mzima utanunua nini. La kwanza alilikubali kwa shingo upande. La pili meneja wake alilisahau, kama nitakavyoeleza.

Wanunuzi tuliwatafuta madukani kwa maswali machache yasiyotaja juisi peke yake: wiki iliyopita ulinunua vinywaji gani, nani nyumbani huamua kinachonunuliwa, je, wewe au ndugu yako mnafanya kazi katika vinywaji au matangazo, je, kuna tunda linalokudhuru. Tulialika kumi ili wanane wafike, na nauli pamoja na shukrani, kama shilingi elfu ishirini na kitu kwa kila mmoja, niliitaja tangu mwanzo ili pasiwe na anayedhani kwamba atalipwa kwa kusifu. Wote kumi wakafika. Katika kuwapanga niligundua kwamba binti aliyewaalika alikuwa ameniletea mama mkwe na mke wa mwanawe. Sikuhitaji kufikiri mara mbili. Mkwe hawezi kukunja uso mbele ya kikombe alichokisifu mavyaa wake, basi nilimlipa yule mdogo haki yake yote, pamoja na mmoja wa ziada, nikawaaga kwa heshima.

Juisi zenyewe zilikuwa pasheni na embe, nanasi na tangawizi, rosela na ndimu, na fenesi. Nilikataa ya tano iliyokuwa ikisukumwa na meneja, kwa sababu ulimi unachoka na mtu huanza kuandika chochote ili amalize. Kila ladha niliipa namba ya tarakimu tatu, kwa kuwa ukiandika A au 1 mtu hudhani ndiyo bora. Hata namba zina mitego yake: mpakani Busia huwezi kutumia 256 wala 254, namba za simu za Uganda na Kenya, maana watu watacheka na kuanza kushabikia nchi badala ya kuonja. Juisi zote nilizitoa katika sanduku moja la barafu, si baadhi kwenye friji na nyingine mezani, kwa sababu baridi huficha utamu, na umeme ukikatika katikati ya kazi unakuwa umepima friji.

Kila mtu alipata vikombe vidogo vya mililita 60, kimoja kimoja, pamoja na maji na kipande cha mkate mkavu wa kusafisha kinywa. Ladha tatu nilizizungusha, ili isiwe kwamba wote wameanza na pasheni, kwani kikombe cha kwanza kwa mtu mwenye kiu hupendelewa bure. Tangawizi niliiweka mwisho kwa kila mtu, baada ya mapumziko. Wapo watakaosema na yenyewe ilipaswa kuzungushwa, na wana hoja, maana kikombe cha mwisho hukutana na ulimi uliochoka. Lakini muwasho wa tangawizi haufutwi na mkate, na kitakachofuata baada yake hakionjwi kwa haki.

Kanuni niliyoisimamia kwa ukali ni kwamba kila mtu aandike kwanza, kimya, bila kuguna wala kumtazama jirani. Faida yake ilionekana tulipofika kwenye fenesi. Hajati mmoja mwenye sauti na heshima yake alisema kwamba harufu ile inamfukuza kabla hajaonja, na meza nzima ikamuunga mkono. Bwana mmoja wa makamo alianza kutikisa kichwa kukubaliana nao. Nilikuwa nimeshaiona karatasi yake: fenesi ilikuwa ya kwanza. Nilimwambia tu, "Bwana, nisomee ulichoandika," akasoma huku akicheka, kisha akaeleza vizuri kabisa kwamba inamkumbusha fenesi lililoiva kupita kiasi, na kwamba angeinunua kama ingekuwa nyepesi zaidi.

Kwenye karatasi, watano kati ya wanane waliiweka pasheni na embe mbele. Meneja, aliyekuwa akisikiliza akiwa chumba cha pili kwa ridhaa ya washiriki, aliniletea kikaratasi: "Asilimia 62!" Nilikikunja nikakitia mfukoni, kwa sababu sehemu niliyoitegemea zaidi ilikuwa haijaanza.

Mtu akionja funda mbili, utamu mwingi humvutia. Akinywa chupa nzima, utamu uleule humkinaisha. Basi tulipoanza mazungumzo marefu nilileta chapati, na mbele ya kila mmoja nikaweka chupa mbili za mililita 300, moja ya ladha aliyoiweka ya kwanza na moja ya ile ya pili, nikawaambia wanywe wapendavyo. Tulizungumza karibu saa nzima kuhusu bei, chupa na watoto wa shule, na wote walidhani chupa zile ni takrima tu. Walipomaliza niliwaeleza, nikakusanya chupa na kumimina masalio katika jagi la kupimia, moja baada ya nyingine.

Kati ya zile chupa tano za pasheni na embe zilizoshika nafasi ya kwanza, nne zilikuwa zimebaki zaidi ya nusu. Wanne hao hao walikuwa wameiweka nanasi na tangawizi ya pili, na chupa zake zilitoa matone. Hajati alipoziona zake alishangaa mwenyewe, akasema, "Hii tamu nampa mgeni. Hii nyingine inaisha na chapati bila mimi kujua."

Fundi wa kiwanda alipopima sukari, pasheni na embe ilisoma nyuzi 15 za Briksi, yaani takriban gramu 15 za sukari katika kila gramu 100 za juisi, na nanasi na tangawizi ilisoma 12. Mzee alitaka kuifuta pasheni palepale. Nilimzuia, kwa kuwa hakuna aliyelalamikia ladha ya tunda. Waliacha kunywa, basi. Tulikubaliana aipike upya ikaribie 12, bila kuzidisha maji hadi tunda lipotee, fenesi isubiri, na pasheni hiyo mpya pamoja na nanasi na tangawizi ziende kwa mamia ya wanunuzi wa madukani, mahali ambapo asilimia zake zitakuwa na maana. Meneja bado anakitaka kile kikaratasi chake.