Nilivyotoa vihatarishi kwenye slaidi za andiko la mradi wa maji na kuviweka kwenye rejista

Nilikabidhiwa slaidi za andiko la mradi wa kisima kirefu chenye pampu ya sola katika kijiji kimoja mkoani Singida, nikatakiwa kuandaa rejista ya vihatarishi kabla mfadhili hajasaini. Andiko lilikuwa na slaidi moja yenye kichwa "Vihatarishi", nayo ilitaja mvua, mfumuko wa bei na ushiriki mdogo wa jamii. Hayo yangeweza kuandikwa katika mradi wowote, kwa hiyo nilianza na slaidi nyingine zote, kwa kuwa vihatarishi vizito hukaa ndani ya takwimu na tarehe ambazo mwandishi amezichukulia kuwa za hakika.

Nilifungua jedwali la Excel na kuandika safu tatu tu kwa kuanzia: namba ya slaidi, maneno yenyewe kama yalivyoandikwa, na aina yake, yaani dhana au kihatarishi. Nilisoma hadi maelezo ya mzungumzaji yaliyo chini ya slaidi na maandishi madogo chini ya grafu, nikitafuta maneno kama "inatarajiwa", "endapo", "kwa kuzingatia" na "baada ya kupata". Katika hatua hii sikubadilisha neno lolote, kwa sababu ukianza kufupisha mapema unapoteza uwezo wa kumwonyesha mwandishi wa andiko mahali aliposema jambo hilo.

Kazi kubwa ilikuwa kuunganisha vipande. Slaidi ya walengwa ilisema watu 1,200 watapata lita 25 kwa siku kila mmoja, kiwango kilichomo katika Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Slaidi ya kiufundi ilisema kisima kitatoa lita 5,000 kwa saa, na maelezo madogo chini ya mchoro wa pampu yalitaja saa sita za jua la kutosha. Ukizidisha unapata lita 30,000 kwa siku kwa kila upande, yaani mahitaji ya watu na uwezo wa kisima, bila akiba hata ya ndoo moja, ingawa hakuna slaidi iliyosema hivyo. Niliigeuza dhana hiyo kuwa kihatarishi kwa sentensi yenye sababu, tukio na matokeo: kwa kuwa kisima hakijachimbwa wala kupimwa, kinaweza kutoa lita 3,500 kwa saa, na hapo maji yatakuwa lita 21,000 kwa siku, yanayotosha watu 840.

Madini ya floraidi, ambayo ni tatizo linalofahamika katika maji ya ardhini ya Singida, niliyapa mstari wao. Chanzo ni kisima hicho hicho, lakini maji yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, kisima kizima hakifai kwa kunywa hata kama kina maji tele, na hatua za kuchukua ni tofauti kabisa.

Kabla ya kutoa alama za uwezekano na athari, ambapo 5 ndiyo ya juu kabisa, niliandika maana ya kila alama kwa lugha ya mradi huu. Athari 4 ni kukosesha huduma zaidi ya robo ya walengwa. Athari 5 ni kukosa huduma kabisa. Kwa uwezekano niliomba kumbukumbu za visima vya jirani kutoka RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, na kwa kuwa vingi vilitoa chini ya lita 5,000, upungufu wa maji ulipata 4 kwa 4, yaani 16. Floraidi ilipata 2 kwa 5, yaani 10. Alama zilitoka kwenye fomula hii, ambapo safu E ni uwezekano na F ni athari, na namba 2 hubadilika kwa kila mstari:

```
=E2*F2
```

Kuzidisha kuna kasoro yake. Jambo dogo la kila siku lenye 5 kwa 2 nalo linapata 10, likaonekana sawa na kisima kisichonyweka. Kwa hiyo kila mstari wenye athari 5 niliupeleka mezani kwa wakubwa, bila kujali matokeo ya kuzidisha.

Mstari wa tatu ulitoka kwenye ratiba. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati kilipangiwa Septemba, na uchimbaji Novemba mwanzoni. Mvua za Singida kwa kawaida huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo kibali kikichelewa wiki sita, lori la mtambo litakuta barabara ya udongo mweusi imelowa. Dalili ya mapema niliyoandika ni hii: ombi la kibali kutokuwa limewasilishwa ifikapo mwisho wa Julai.

Kwenye safu ya hatua niliandika tu zile zenye fedha katika bajeti. Slaidi iliahidi upimaji wa maji maabara, lakini bajeti haikuwa na kifungu hicho, kwa hiyo niliacha alama ya floraidi bila kuipunguza hadi mhasibu alipokiongeza. Ununuzi wa pampu nao ulisogezwa mbele, ukawekwa baada ya jaribio la kusukuma maji kwa saa 24, na mhusika wa mstari wa upungufu wa maji akawa mhandisi wa mradi.