Mia tano ya mama wa Tabora

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mfungo wa Ramadhani, 2017, na mimi nilikuwa nashika daftari la mauzo kwenye duka la shangazi yangu Kariakoo, karibu na Msimbazi. Tulikuwa tunauza khanga tu. Wenzetu walikuwa wameshachanganya na vitenge, madera na mashuka, lakini shangazi alikuwa na msimamo wake: mtu akitaka shuka aende kwa anayejua mashuka.

Asubuhi hiyo aliingia mama mmoja kutoka Tabora. Hakuwa mgeni kwetu kabisa. Mwaka uliotangulia alichukua mzigo mdogo. Safari hii alikuja amejipanga. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu, akaanza kufungua doti moja moja. Alikuwa anaiminya khanga kati ya kidole gumba na cha shahada, anaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, anaangalia kama rangi ya pindo imeingia kwenye mji wa katikati ya khanga, kisha anasoma jina. Asilolipenda anaweka kushoto bila kusema neno. Alipomaliza akasema anataka korja 20. Kwetu korja ni doti 20, kwa hiyo doti 400 kwa mkupuo mmoja, fedha taslimu, mkononi.

"Lakini dada, kwa mzigo huu unanipunguzia mia tano kila doti. Nikupe elfu saba na mia tano."

Bei yetu ya jumla ilikuwa 8,000. Mia tano kwenye elfu nane ukiitaja hivyo haitishi. Haifiki hata asilimia saba. Nilimwona kijana wetu wa kupanga mzigo ameshashika kamba kabisa ya kufungia marobota. Shangazi hakujibu. Alinigeukia mimi, akasema, "Mwanangu, hebu msomee ukurasa wa nyuma." Maana yake ilikuwa nijisomee mwenyewe kimoyomoyo, maana ukurasa ule mteja haoneshwi.

Ukurasa wa nyuma wa daftari ndiko tulikokuwa tunaandika doti imetugharimu kiasi gani hadi kufika rafu. Kiwandani tulinunua 6,900. Gari, makuli wa kushusha na doti zinazotoka na kasoro tukazikadiria kwa shilingi 100 kila moja. Jumla 7,000. Ukiuza kwa 8,000 unabaki na 1,000, na hiyo 1,000 bado si yako. Kodi ya fremu, mshahara wa vijana wawili, umeme, leseni na mapato, vyote kwa mwezi vilikuwa kama 1,200,000, na mwezi wa kawaida tulikuwa tunauza doti 3,000. Kwa hiyo kila doti inayouzwa inabeba 400 ya kulilisha duka. Kinachobaki kwa mwenye duka ni 600.

Sasa weka ile mia tano. Mama alikuwa anaomba asilimia sita na kitu ya bei, lakini kwetu alikuwa anakata nusu ya ile 1,000, na kati ya 600 ya mwenye duka alikuwa anabakisha 100. Doti 400 mara 100 ni 40,000. Kwa bei kamili zingekuwa 240,000. Hapo ndipo wengi Kariakoo wanapozama, na nimewaona kwa macho yangu: mtu anapima punguzo kwa kulilinganisha na bei, wakati punguzo halitoki kwenye bei. Mtaji wa 7,000 haupungui hata shilingi. Chote kinachopungua kinatoka kwenye kale kakipande ka juu.

Mtu atasema, lakini korja 20 kwa asubuhi moja, na gharama za duka zipo hata asiponunua, si bora hiyo 40,000 kuliko kumwacha aende duka la pili? Ni hoja nzuri, na miezi mingine ingekuwa sahihi. Baada ya Idi, mzigo ukilala na mwenye fremu anapiga simu, shangazi mwenyewe alikuwa anauza kwa 7,500 bila hata kuombwa. Lakini huu ulikuwa mwanzo wa mfungo. Khanga zile zilikuwa zinaisha zenyewe kwa 8,000 kabla ya mwezi kuandama, na kiwanda wakati ule kilikuwa na foleni. Ukiagiza leo hujui utapata lini. Kila doti ambayo mama angeibeba kwa 7,500 ilikuwa na mnunuzi wake wa 8,000 njiani. Punguzo linalonunua mteja ambaye usingempata ni jambo moja. Punguzo la kitu ambacho kingetoka tu ni sadaka, na sadaka ina milango yake.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilimsumbua shangazi kuliko hesabu. Wateja wetu wa kila wiki walikuwa wachuuzi wa Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto, wanaochukua korja mbili tatu kwa 8,000 na kuuza 10,000. Ndiyo sababu rejareja ya dukani kwetu nayo ilikuwa 10,000, haishuki, ili mteja wao asipande daladala kuja kununua kwetu doti moja kwa bei ya chini kuliko wanayouza wao. Jumla ilianzia nusu korja. (Hapo penyewe palikuwa na shimo: doti tisa kwa rejareja ni 90,000, doti kumi kwa jumla ni 80,000, kwa hiyo hakuna mtu mwenye akili aliyenunua tisa. Baadaye tuliweka bei ya katikati, 9,000 kuanzia doti tano, na shimo likaziba karibu lote.) Wachuuzi hawa wanajuana. Neno "elfu saba na mia tano" likitoka pale mlangoni, hadi alasiri lingekuwa limefika Mbagala, na kesho yake kila mmoja angelidai.

Shangazi akatumbukiza mkono kwenye rundo la khanga za kushoto, zile alizozikataa mama. Nyingi zilikuwa za aina moja, rangi ya zambarau, yenye jina la kijembe kwa mke mwenza. Zilikuwa zimelala rafuni tangu mwaka uliopita. Si mbaya kwa kitambaa. Ila nani anamnunulia mama mkwe zawadi ya Idi yenye maneno yale?

"Mdogo wangu," akasema, "bei siwezi kuigusa. Risiti yako itasoma elfu nane. Lakini kila korja unayolipia, nakuongeza doti moja juu. Korja ishirini, doti ishirini bure."

Mama wa Tabora alinyamaza. Unamwona mtu anapiga hesabu macho yakiwa darini. Kwake doti inauzwa 10,500. Doti 20 za bure ni 210,000 akifika, wakati lile punguzo aliloliomba lilikuwa la 200,000. Kwa upande wetu doti hizo 20 zinagharimu zilichonunuliwa, 140,000. Hapo ndipo uzuri wa nyongeza ulipo: mteja anaithamini kwa bei yake ya kuuzia, wewe unaitoa kwa bei yako ya kununulia, na tofauti ya bei hizo mbili hakuna aliyeporwa. Ukipunguza fedha, shilingi unayotoa ni ile ile anayoipokea.

"Sawa dada, lakini si hizi za zambarau. Hizi utanipa kesi na watu."

Wakavutana. Mfungo wenyewe mkali, midomo imekauka, na wote wawili walikuwa wanaongea taratibu kama wanaohesabu maneno. Mama akajaribu upande wa pili: basi achukue kwa 8,000 na nyongeza yake, ila alipe nusu, nusu iwe mali kauli hadi baada ya Idi. Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. Nyongeza ni ya taslimu, akamwambia. Ukitaka mali kauli nakupa, nakuamini, lakini basi ni elfu nane kavu bila doti ya juu. Chagua moja. Nadhani hapo alikuwa na haki kabisa, kwa sababu 1,600,000 iliyolala Tabora mwezi mzima ni korja 11 ambazo hatuwezi kwenda kuzichukua kiwandani foleni ikifunguka.

Waliishia katikati: nyongeza 20, kumi za kukimbia na kumi za zambarau, taslimu yote. Vijana wakafunga marobota, mkokoteni ukaondoka kuelekea gari la Ubungo. Nikaandika: mauzo 3,200,000, doti zilizotoka 420, gharama 2,940,000, baki 260,000. Toa 160,000 ya kulilisha duka, inabaki 100,000 badala ya 40,000. Na rafu ya zambarau imepungua, jambo ambalo daftari halina mstari wa kuliandika.

Siku chache baadaye akaja mchuuzi wetu wa Mbagala, amenuna. Kasikia kuna mtu kapewa bei. Shangazi akanyanyua kopi ya risiti, akamwonesha: 8,000. Na nyongeza je? Nyongeza ni ya kuanzia korja kumi, akajibiwa. Jamaa akaondoka bila kuaga. Kesho yake akarudi na wenzake wawili: mmoja anataka korja tatu, mwingine nne, yeye tatu. Kumi kamili, kwa risiti moja.

Shangazi aliwapa, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka. Lakini jioni wakati wa kufuturu alikuwa bado analitafuna lile. Korja tatu, nne na tatu ndizo walizokuwa wanachukua kila wiki kwa bei kamili. Doti kumi zimeondoka, 70,000 ya mtaji, na hakuna hata korja moja zaidi iliyouzwa. Tulikaa na daftari hadi usiku, tukapitia jina moja moja tukiandika pembeni kila mteja huchukua kiasi gani kwa kawaida. Kuanzia wiki iliyofuata nyongeza haikuhesabiwa tena kuanzia korja kumi. Ilihesabiwa kuanzia korja iliyozidi kawaida ya mtu. Wa korja tatu alipata doti yake ya juu kwenye ya nne.

Mchuuzi wa Mbagala alipoelezwa alitazama lile daftari kwa muda, akasema, "Dada, wewe TRA wakikujua watakuajiri." Kisha akachukua korja nne.