Basi la Jumapili: kupanga safari ya Ujerumani kwa skrinshoti ukiwa bado Kisumu

Niko likizo Kisumu kwa mama mdogo, na kijana wake anayeishi Nakuru amekuja wikendi na simu imejaa skrinshoti za ratiba, mwisho wa Septemba anaenda Ujerumani kusomea unesi kwa mji mdogo hivi, saa moja na kitu kwa treni kutoka Frankfurt halafu basi. Anatua Jumapili. Kwanza nikamwambia hiyo Jumapili ndiyo itaamua kila kitu, si ndege.

Watu wengi wanaanza kupanga kutoka eapoti kwenda mbele: nikitoka hapa treni ya kwanza ni gani, nikifika pale inayofuata ni gani. Mimi naanza mwisho, kwa ile gari inayopita mara chache kuliko zote, na huko vijijini hiyo huwa ni basi. Treni yake inapita kila saa, zile treni za mjini, S-Bahn, za kutoka eapoti kwenda stesheni kuu zinapishana dakika kumi na tano hivi, lakini basi siku ya Jumapili ni 11:35, 13:35, 15:35 na 17:35 tu. Baada ya hapo hakuna. (Saa zote naandika vile zinatokea kwa skrini, 13:35 ni saa saba na dakika 35 mchana, na ni saa za huko, mwezi wa tisa Kenya iko mbele kwa saa moja, kwa hivyo usiangalie ile saa ya juu ya skrinshoti, hiyo ni ya simu yako ya Nakuru.)

Na hiyo skrinshoti ya basi alikuwa ameikata vibaya. Alipiga picha ya namba tu, kichwa cha safu hakipo na maandishi madogo ya chini hayapo. Ratiba za basi huko zinagawanywa Mo–Fr yaani Jumatatu mpaka Ijumaa, Sa ya Jumamosi, na So ya Jumapili, na mara nyingi kando ya saa fulani kuna herufi ndogo, kwa mfano S ya siku za shule au F ya likizo za shule, na maana ya kila herufi imeandikwa kule chini kabisa. Alikuwa ameshika safu ya Mo–Fr, ambayo ina basi kila saa, nikamwambia arudi apige tena picha nzima kutoka juu mpaka chini, na tarehe ya safari ionekane. Ratiba ya treni inabadilika kila mwaka Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Disemba, skrinshoti ya kabla ya hapo baada ya hiyo siku usiiamini tena.

Sasa treni. Kutoka stesheni kuu ya Frankfurt inaondoka 10:22, 11:22, 12:22, na inafika ule mji 11:28, 12:28, 13:28. Kwa ratiba za Kijerumani `ab` ni kuondoka na `an` ni kufika, na kwa kubadilisha gari unahitaji `an` ya treni na `ab` ya basi, ukichanganya hizo mbili hesabu yote inaharibika.

Mama mdogo akasikiliza hapo akauliza, "Si achukue hiyo ya 12:22? Anafika 13:28, basi ni 13:35, hakai hata kidogo." Na kweli kwa karatasi hiyo ndiyo yenye kungoja kidogo kuliko zote, apu nayo ingekupea hiyo. Lakini angalia hizo dakika saba. Ana masanduku mawili, kushuka, kupita njia ya chini ya reli, kutafuta kituo cha basi huko mbele ya stesheni, hiyo ni dakika nne akiwa haraka. Zinabaki tatu. Na shirika la reli la huko linahesabu treni imefika kwa wakati ikiwa haijachelewa dakika sita, yaani treni inaweza kuchelewa tano na iitwe imefika sawa, na yeye basi lake limeshaenda. Dereva anaweza kungoja kidogo, hiyo ni ihsani yake, usipange na hiyo.

Lakini si kwamba dakika saba ni mbaya kila mahali, na hapa ndipo nilikaa naye sana. Treni ya 10:22 pia inafika dakika saba kabla ya basi, ile ya 11:35. Hiyo nilimwambia achukue bila woga! Kwa sababu akilikosa hilo basi, linalofuata ni 13:35, na hilo ndilo basi lile lile angepanda hata kama angechukua treni ya 11:22. Hajapoteza kitu kwa saa ya kufika, amekaa tu pale stesheni ndogo saa mbili badala ya kukaa Frankfurt. Akikosa kutoka kwa ile ya 12:22 anasukumwa mpaka 15:35. Kwa hivyo usiulize tu nafasi ni dakika ngapi, uliza nikikosa nafika saa ngapi. Nyumbani hatuna hii hesabu kwa sababu Nakuru steji matatu ya Kisumu ikijaa inatoka na nyingine inaanza kuita watu, kukosa moja si tatizo.

Tukarudi nyuma mpaka eapoti. Pale Frankfurt kuna stesheni mbili, ya treni za mbali na ya treni za karibu, S-Bahn zake, S8 na S9, ziko kwa ile ya karibu, platfomu 1 mpaka 3. Mwendo hadi stesheni kuu ni kama dakika 12, lakini zinasimama chini ya ardhi, platfomu 101 mpaka 104, na treni yake inatoka juu, kwa hivyo na masanduku tulimwekea dakika kumi za kupanda na kutembea. Ukihesabu S-Bahn mbaya kabisa, ile umefika tu ikaondoka, akiwa platfomu 9:30 anapanda 9:45, anafika 9:57, juu 10:07, amebaki na robo saa. Akifika platfomu 9:45 anaweza kufika juu 10:22 kamili na treni inatembea. Kwa hivyo 9:30 ndio mpaka. Ndege inatua 8:10, pasipoti na mizigo inaweza kula saa moja na nusu, akichelewa kupita 9:30 asikimbie, anakunywa chai na kuchukua 11:22, anafika 12:28 na anangoja basi dakika 67 kwa utulivu.

Tiketi haimsumbui kwa sababu treni zake zote ni za mkoa, haifungwi na treni moja. Angekuwa amenunua ile tiketi rahisi ya ICE, treni ya kasi ya safari za mbali, hiyo imefungwa na treni uliyochagua na hii mipango ya kusogeza haingefaa.

Na ikiwa ndege itachelewa mpaka abaki na 12:22 tu, aende nayo, lakini kabla hajapanda awatumie wenyeji wake meseji kwamba basi la 13:35 linaweza kumponyoka. Ni kilomita tisa kutoka stesheni, mtu mwenye gari anamchukua. Asubuhi ya safari afungue apu upya kuangalia treni kama imefutwa au imebadilisha Gleis, yaani platfomu, lakini zile saa nyekundu za kuchelewa asizipigie skrinshoti akapanga nazo, hizo ni za dakika hiyo tu, treni inaweza kufidia muda njiani.